Nyota moja, na jibu la mama jeran wa Kadutu

Nyota moja kati ya tano, na maneno matatu ya mwisho: «Musilale hapo kamwe.» Hivyo ndivyo mgeni mmoja alivyoandika kwenye Ramani za Google juu ya nyumba ndogo ya wageni katika komine ya Kadutu, hapa Bukavu. Alikuwa amefika hapo na jamaa yake wakikimbia vita. Lawama zake zilikuwa nne: siku mbili bomba halikutoa maji, usiku walikaa gizani, chai ya asubuhi waliyolipia hawakuiona, na kijana wa mapokezi alicheka mizigo yao.

Mama jeran wa nyumba hiyo alisoma, akakasirika, akaandika haraka: «Bukavu nzima haina umeme. Tena mulijaza watu sita katika chumba cha wawili, na godoro kichwani.» Yote yalikuwa kweli. Lakini kabla ya kutuma aliyasoma tena kama mtu mwingine, yule atakayetafuta chumba kesho. Mtu huyo hatajua nani ana haki. Ataona tu kwamba hapa, ukilalamika, unaaibishwa mbele ya watu.

Kulikuwa na jambo zito zaidi. Jibu la mwenye hoteli linabaki chini ya lawama, na kila mtu analisoma. Ukitaja hesabu ya watu, siku waliyofika na mahali walipotoka, umetangaza safari ya jamaa ambayo pengine haitaki kujulikana ilipolala. Mama huyo alifuta yote.

Asubuhi aliuliza kwanza. Daftari la malipo lilionyesha kwamba chai ililipiwa kweli. Mlinzi alieleza kwamba maji ya Regideso yalikatika, na tanki lilikuwa tupu kwa sababu hakuna aliyetuma watu wa kuchota. Jenereta ilikuwa ikiwaka kutoka saa kumi na mbili jioni mpaka saa tatu, lakini siku zile mbili mafuta yaliisha na wageni hawakuambiwa. Kijana wa mapokezi, alipoulizwa peke yake, alikubali kwamba alicheka.

Ndipo akaandika jibu hili:

«Kwa mgeni wetu. Asante kwa kutuambia. Tumeuliza wafanyakazi, na mulisema kweli. Maji yalikatika, na tanki letu lilikuwa tupu. Hilo ni kosa letu. Tangu juma hili, kila chumba kina bidoni mbili za lita 20 zilizojaa kabla mgeni hajaingia. Umeme wa Snel hatuwezi kuuahidi. Jenereta inawaka kutoka saa kumi na mbili mpaka saa tatu usiku, na siku isipowaka mgeni ataambiwa kabla ya kulipa. Pesa ya chai ni yenu. Mupige simu ya mapokezi, mutarudishiwa. Kwa kicheko mulichokipata mlangoni, tunaomba radhi. Nimezungumza na aliyehusika. Jeran.»

Jibu hilo linafuata lawama moja baada ya nyingine, kwa mpango uleule wa mgeni, ili msomaji aone hakuna iliyorukwa. Halisemi «tunaomba radhi, lakini». Neno hilo «lakini» likifuata radhi, radhi imekwisha. Halitupi lawama yote kwa Regideso: bomba si la hoteli, ila tanki ni la hoteli. Na linaahidi kile tu mama huyo anachokishika mkononi. Bidoni mbili zinaweza kuhesabiwa na mgeni wa kesho. «Tutaboresha huduma» haihesabiki.

Pesa ya chai nayo haikufungwa na sharti. Hakusema «futa maneno yako, tukurudishie». Kumlipa mtu ili afute lawama yake kunakatazwa na Google, na msomaji akigundua, hataamini tena hata sifa njema.

Kutoza faini ni kubaya zaidi. Mwaka 2014, hoteli moja ya Blackpool, Uingereza, ilikata pauni 100 kwenye kadi ya mume na mke walioikashifu mtandaoni. Habari ikazunguka dunia, na hoteli ikalazimika kurudisha pesa. Watu wengi waliijua kwa faini hiyo kuliko kwa lawama yenyewe.

Jibu zuri halifuti nyota moja. Ile ya Kadutu bado iko pale, na jibu liko chini yake. Mwenye hoteli anaweza kurekebisha jibu lake wakati wowote, kwa hiyo saa za jenereta zikibadilika, inabidi nalo libadilike. Maana siku mgeni atakapoingia chumbani na kukuta bidoni tupu, jibu lile ndilo litakuwa ushahidi dhidi ya nyumba.