Mwisho wa Kujibu

Nilipokuwa mtoto Mtunda, wakati huo tukiwa bado Wilaya ya Rufiji, mwaliko wa harusi ulipelekwa nyumba kwa nyumba. Mama mmoja wa ukoo, mwenye kauli nzuri, alijitanda kanga mpya akaanza safari tangu asubuhi. Kila mlango alipiga hodi, akakaribishwa mkekani, akaulizwa hali za nyumbani, ndipo akatoa alichotumwa: fulani anakusalimu, binti yake anaolewa Jumamosi ijayo, Alhamisi ni kuchambua mchele, Ijumaa kukuna nazi, Jumamosi nikahi na walima. Mwenyeji hakusema atakuja wala hatakuja. Alisema, "Tumepokea, inshallah," na mjumbe akaenda nyumba ya pili.

Hakuna aliyetaka jibu zaidi ya hilo. Wageni karibu wote walikuwa wa kutembea kwa miguu, na mpishi alikijua kijiji kizima kwa majina. Kumuuliza mtu kama atakuja kungekuwa kama kumwambia kuwa sahani yake ina mashaka.

Mambo yalianza kubadilika watu walipotawanyika. Kaka zetu walihamia Mbagala na Temeke, wengine Kilwa na Lindi. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, jamaa wa kusini ambao zamani walikwama kwenye kivuko cha Ndundu wakawa wanaweza kuja harusini kwa basi. Mjumbe wa kanga hakuweza kuwafikia wote hao, basi kadi za kuchapisha zikaingia. Tulizikabidhi kwa makondakta, zikafika zimekunjwa pembe. Chini yake paliandikwa RSVP na namba mbili za simu. Waliopiga namba hizo wengi walitaka kuuliza njia, na waliobaki walipiga kusema kadi wameiona. Haikuandikwa tarehe ya kujibu, wala hatukuona upungufu.

Tarehe iliingia kwenye maandishi yetu kwa mlango wa fedha. M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, na mitandao mingine ikafuata, kadi ya mchango ikawa na nguvu kuliko kadi ya mwaliko. Hiyo ilikuwa na lugha kavu: mchango wako utufikie kabla ya tarehe fulani, kwa namba hii, jina litakalotokea ni hili. Kwa miaka mingi, ndugu yangu wa Mtunda akiona tarehe ya mwisho kwenye jambo la harusi, alijua anadaiwa. Mazoea hayo ndiyo yaliyotusumbua baadaye, mwaliko wenyewe ulipohamia kwenye simu.

WhatsApp ilipoenea, kijana wa mjini alitengeneza picha ya kadi yenye maua na herufi za dhahabu, akaitupia kwenye kundi la ukoo. Ndani ya saa moja kundi lilijaa "Mashallah", "Hongereni sana" na mioyo myekundu. Kwa kuangalia ungedhani watu wote wamekubali kuja. Lakini "hongereni" si jibu la kuja, na "inshallah" ya kwenye simu ni ileile ya mkekani: inabeba ndiyo na hapana kwa pamoja. Tofauti ni kwamba sasa tulikuwa tunakodi magari kutoka Mbagala, na mwenye kosta hapokei inshallah.

Tulipoanza kupanga ndoa ya binti wa kaka yangu, nilipewa kazi ya kuandika mwaliko wa ndugu wa mbali. Ndoa iliwekwa Jumamosi tarehe 20 Septemba 2025, mpunga ukiwa umeshavunwa na msimu wa korosho haujaanza, njia kavu. Nilianza kwa kuhesabu kurudi nyuma. Kosta zilitakiwa zilipiwe siku 12 kabla, vinginevyo mwenye magari angezitoa kwa harusi nyingine. Magodoro ya kuazima na vyumba vya majirani vilihitaji muda kama huo. Mchele, kwa kipimo cha mpishi wetu cha kilo moja kwa watu sita, ungeweza kusubiri hadi siku za mwisho. Basi tarehe ya kujibu haikutokana na chakula, ilitokana na gari. Siku 12 kabla ya harusi ni Jumatatu tarehe 8, kwa hiyo mwisho wa kujibu ukawa Jumapili tarehe 7. Nilipenda iangukie Jumapili kwa sababu wafanyakazi wa mjini siku hiyo wako nyumbani, na mume na mke wanaweza kuamua pamoja.

Kisha ikaja kazi ya maneno. Mpwa wangu aliandika "jibu kabla ya tarehe 7, Jumamosi usiku". Kaka akasoma akatikisa kichwa. Kwanza, "kabla ya tarehe 7" inamwacha mtu akijiuliza kama tarehe 7 yenyewe imo. Pili, usiku wa Jumamosi kwa wazee wetu ni mtego, kwani wapo wanaohesabu siku kuanzia magharibi, na kwao usiku unaoamkia Jumamosi ndio usiku wa Jumamosi. Tukaweka saa ya mchana, isiyo na ubishi: Jumapili, saa 12 jioni. Saa zote tuliziandika na kipindi cha siku pembeni, saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, maana picha ya kadi aliyotengeneza mpwa wangu ilikuwa imeandikwa 2:00 PM na shangazi mmoja alishapanga kufika saa mbili asubuhi.

Picha hatukuitupa, ila tuliinyima kazi. Mtu asiye na bando la kutosha huzima upakuaji wa picha, akaona ukungu tu. Na hata ikifunguka, namba ya simu iliyo ndani ya picha hainakiliki kwa urahisi. Basi kila kitu cha lazima kikawekwa kwenye maandishi, na picha ikafuata nyuma kwa ajili ya uzuri. Maandishi yenyewe, majina nikiyaondoa, yalikuwa haya:

"Assalaam alaykum Shangazi. Sisi wa Mtunda tunakualika wewe na nyumba yako kwenye ndoa ya binti yetu, Jumamosi tarehe 20 Septemba 2025. Nikahi saa 7 mchana msikitini, walima saa 8 mchana nyumbani. Kosta itaondoka Mbagala Rangi Tatu saa 12 asubuhi siku hiyohiyo. Mwisho wa kujibu ni Jumapili tarehe 7 Septemba, saa 12 jioni. Tuandikie watu wangapi watapanda kosta na wangapi watalala. Kama huji, andika 0. Jumatatu asubuhi tunalipia magari. Ukichelewa kujibu, chakula kipo na mlango uko wazi, ila kiti cha gari na godoro hatutaweza kuahidi. Jibu hapahapa au kwa meseji ya kawaida."

Sentensi iliyobishaniwa sana ni ile ya "ukichelewa". Kaka aliona ni vitisho kwa ndugu. Mimi niliona ndiyo inayoondoa vitisho, kwa sababu inatenganisha kinachofungwa na kisichofungwa. Mwaliko haufungwi, kinachofungwa ni kiti. Na tukiitaja Jumatatu ya malipo, mtu anaona tarehe haikutungwa ili kumbana. Neno mchango tuliliweka mbali kabisa na ujumbe huu. Aliyekuwa hajakamilisha ahadi yake angeiona tarehe ile, akadhani ni ya deni, akanyamaza kwa aibu, nasi tungempoteza mgeni kwa sababu ya fedha ambayo hatukuwa tukiidai hapo.

Njia ya kutuma nayo ilikuwa na mashimo yake. Kwenye kundi sikuutuma, kwa kuwa swali lingezama kwenye pongezi, na mtu wa kwanza kuandika 0 angewavuta wengine. Mpwa alipendekeza orodha ya matangazo, inayotuma ujumbe mmoja kwa watu wengi kila mtu peke yake. Shida ni kwamba kwa njia hiyo ujumbe unamfikia tu aliyehifadhi namba ya mtumaji kwenye simu yake, na wazee wengi hawakuwa na namba ya mpwa. Nikatuma mmoja mmoja kwa simu yangu, nikibadilisha salamu ya mwanzo: Shangazi, Baba Mdogo, Kaka, Wifi. Kazi ni ndefu, lakini anayeitwa kwa cheo chake hujibu upesi kuliko anayepewa tangazo.

Meseji ya kawaida niliitaja kwa sababu ya tulichokiona mwaka uliotangulia. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari zilipopata hitilafu, WhatsApp ilisuasua nchi nzima, huku simu na meseji zikiendelea kupita. Siku ya mwisho ya kujibu ikiangukia siku kama ile, kimya cha watu hakiwezi kuhesabiwa kuwa kukataa.

Vilevile alama za tiki usizitegemee. Tiki moja inaonyesha ujumbe haujafika kwenye simu, mbili za kijivu zinaonyesha umefika, za buluu zinaonyesha umefunguliwa. Lakini mtu anaweza kuzima zile za buluu, na simu ya mama mara nyingi inafunguliwa na mjukuu. Ijumaa tarehe 5 niliwachambua walionyamaza. Wenye tiki moja niliwapigia kwanza, kwa kuwa hao hawakuwa na habari kabisa. Wenye tiki mbili niliwatumia mstari mmoja tu: "Bado tunasubiri idadi yenu hadi keshokutwa saa 12 jioni." Shangazi asiyesoma nilimtumia sauti, naye akajibu kwa sauti, akitaja wajukuu wote kwa majina hadi nikahesabu kwa vidole. Jamaa wa visiwa vya delta ya Rufiji, ambako mtandao hukatika, walifikiwa na nahodha wa mashua aliyebeba maneno yaleyale kutoka Nyamisati, na tarehe ya kujibu ikawa siku ya safari yake ya kurudi.

Jumapili jioni ilipofika, viti vilivyoombwa vilijaza kosta moja na kuvuka kidogo. Tukakodi moja na Noah moja, badala ya kosta mbili tulizokuwa tumezikisia. Waliojibu Jumanne walikuwepo pia. Niliwaambia kiti hakipo ila mabasi ya Kibiti yapo Rangi Tatu, na walikuja kwa nauli yao bila kinyongo, kwa sababu walikuwa wamelisoma hilo mapema.

Majirani wa Mtunda wenyewe hatukuwatumia tarehe yoyote. Mjumbe alipita nyumba kwa nyumba, wakasema inshallah, na mpishi akapima kama alivyopima siku zote. Tarehe ya kujibu ni ya anayehitaji gari na godoro, na kumpa anayeishi nyumba ya tatu ni kumfanya mgeni kijijini kwake.

Jambo moja tumelibadilisha kwa harusi ijayo. Ile 0 haikuandikwa na mtu mzima hata mmoja. Wasioweza kuja walijieleza kwa aya nzima, juu ya mgonjwa au zamu ya kazi, kwani kuujibu mwaliko kwa sifuri waliona ni utovu wa adabu. Wengine wawili walikaa kimya kabisa, na nilipowapigia walisema walishindwa kuiandika. Sasa mstari ule unasomeka: "Ukiwa na udhuru tuambie tu, nasi tutakuombea." Hesabu inatoka ileile, na watu wanajibu.