Herufi na Namba Kwenye Karatasi ya Titi

Ndugu zangu wa Handeni na Korogwe, nawaandikia kutoka Marekani. Kinachonishikisha kalamu leo ni kero. Picha za majibu ya mamografia zinazunguka kwenye simu, kutoka Manundu hadi Mkata, na chini yake maswali ni yale yale: “Ameandikiwa BI-RADS 4, ndiyo kansa hatua ya nne?” “Hapa pana herufi C, C si ndiyo kansa?” Kabla jibu halijafika, kikao cha ukoo kimeshaitwa na mgonjwa ameshaanza kuagwa. Na hilo si kosa kubwa kuliko yote. Kubwa zaidi ni la yule aliyepata namba 1, akaambiwa hana kitu, akaiweka karatasi chini ya godoro, ilhali kivimbe bado anakishika kila akioga. Wote wawili wamesomewa karatasi vibaya, ila huyu wa pili ndiye anayeweza kufa kwa ajili hiyo.

Huku Marekani majibu ni mali ya mwanamke mwenyewe. Kituo kilichompiga picha kinawajibika kisheria kumpelekea barua ya lugha nyepesi ndani ya siku 30, na picha ikitia shaka, ndani ya siku 7. Tangu tarehe 10 Septemba 2024 barua hiyo lazima pia imweleze kama tishu za matiti yake zimesongamana au la. Sheria hii ilidaiwa na wanawake. Mama mmoja wa jimbo la Connecticut, Nancy Cappello, alikuwa hakosi kupima kila mwaka. Mwaka 2004, wiki chache baada ya mamografia kutoka safi, daktari wake alimpapasa akahisi kivimbe. Picha ikarudiwa, bado haikuona kitu. Altrasaundi ndiyo iliyoonyesha saratani, na tayari ilikuwa imeingia kwenye tezi za kwapani. Alipouliza kwa nini picha za miaka yote hazikuiona, akaambiwa ana matiti yenye tishu zilizosongamana, jambo ambalo madaktari walikuwa wakiliandikiana bila kumwambia yeye. Akapambana, na mwaka 2009 Connecticut ikawa jimbo la kwanza kulazimisha mwanamke aambiwe. Kwetu bahasha hutoka kwa mpiga picha ikaenda kwa daktari, ikapitia kwa mume au kaka mkubwa, na mwenye titi ndiye wa mwisho kujua kilichomo. Hili nalisema kwa uchungu: tunamfichia mtu habari za mwili wake, halafu tunamlaumu kwa kuchelewa.

Sasa tuisome karatasi. Ina alama mbili zisizofanana kazi, na vurugu yote inatokana na kuzichanganya. Herufi, yaani a, b, c au d, inaeleza titi limeumbwaje. Titi lina mafuta, na lina tishu za tezi za maziwa pamoja na nyuzi zinazolishikilia. Kwenye picha mafuta hutoka meusi, tishu hutoka nyeupe. Herufi a ni titi ambalo karibu lote ni mafuta. B lina tishu zilizotawanyika. C lina tishu nyingi. D limejaa tishu karibu lote. Shida ni kwamba uvimbe wa saratani nao hutoka mweupe. Kuutafuta kwenye titi la d ni sawa na kumtafuta mbuzi mweupe kwenye ukungu wa Usambara. Msongamano huu hausikiki kwa mkono. Titi gumu laweza kuwa a na laini likawa d. Wala si ugonjwa: huku Marekani karibu nusu ya wanawake wanaopimwa huangukia c au d. Ni kweli wenye d wana uwezekano uliozidi kiasi wa kupata saratani, lakini balaa lake kubwa ni kuificha. Na kwa kuwa msongamano hupungua kadiri umri unavyokwenda, wanawake wa umri mdogo ndio wanaoubeba zaidi. Tanzania wagonjwa wengi wa saratani ya matiti hupatikana wakiwa na umri mdogo kuliko wagonjwa wa Ulaya na Marekani, kwa hiyo herufi hii inatuhusu sisi kuliko wao walioitungia sheria.

Namba ndiyo ya BI-RADS, utaratibu wa Chuo cha Radiolojia cha Marekani ambao madaktari wa nchi nyingi wameuchukua. Namba inasema nini kifanyike baada ya picha. Haisemi hatua ya saratani, kwa sababu hatua hupangwa baada ya saratani kuthibitishwa maabara. Namba 1 ni kwamba hakuna kilichoonekana. 2 ni kwamba kipo kitu lakini kinajulikana hakina madhara. Namba 0 huwatisha watu bure: maana yake kazi haijaisha, zinatakiwa picha za ziada, altrasaundi, au picha za zamani za kulinganisha, na wengi wanaoitwa tena hivyo hukutwa hawana saratani. Namba 3 ni kitu ambacho uwezekano wake wa kuwa saratani hauzidi asilimia 2, nacho huangaliwa tena baada ya miezi 6, kisha mwaka, kisha miaka 2. Namba 4 ni shaka inayodai bayopsi, yaani kuchukuliwa kinyama kwa sindano, nayo ni pana mno: 4A ni zaidi ya asilimia 2 hadi 10, 4B hadi 50, 4C hadi karibu 95. Kwa hiyo mwenye 4A aliyeliliwa na ukoo mzima, uwezekano mkubwa ni kwamba hana saratani. Namba 5 ni asilimia 95 na kuendelea, na 6 ni ya ambaye saratani yake ilikwisha kuthibitishwa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama wa miaka 44 wa Korogwe amehisi kivimbe titi la kulia, akasafiri hadi Dar es Salaam, mamografia ikapigwa. Karatasi inasema: msongamano d, BI-RADS 1. Akisoma namba peke yake atapanda basi arudi nyumbani. Akizisoma alama zote mbili atauona ujumbe mwingine: aliyeisoma picha hakuona kitu, lakini alikuwa anatazama mahali ambapo si rahisi kuona. Kwa mwenye kivimbe kinachoshikika, hiyo ni nusu ya jibu. Hatua inayofuata ni altrasaundi pale pale panaposhikika, akimwonyesha mpimaji kwa kidole chake. Kikionekana kifuko chenye maji matupu, hiyo ni 2 na suala limekwisha. Kikionekana kivimbe kigumu cha umbo la yai, chenye kingo safi, kilicholala sambamba na ngozi, huenda akapewa 3. Kikiwa na kingo zilizochongoka, kimesimama wima kuliko kilivyo kipana, hiyo ni 4 au 5 na sindano haiepukiki. Na altrasaundi nayo isipoona kitu huku mkono wa daktari bado una shaka, bayopsi hufanywa kwa kufuata mkono.

Najua mtaniuliza: Handeni na Korogwe mamografia haiko jirani, ya nini kutufundisha kuisoma? Ndiyo maana nafundisha. Mwenye mashine mtaa wa pili akikosea kusoma atarudi kesho. Anayetoka Sindeni, nauli ikiwa imechangwa, hapati safari ya kubahatisha. Tena altrasaundi imesambaa zaidi kuliko mamografia, ila kuna jambo la kuangalia: kile kichwa kilichopinda kinachopapaswa tumboni kwa mjamzito hakifai kwa titi. Titi linataka kichwa kilichonyooka chenye mawimbi ya masafa ya juu, na mtu aliyefunzwa kulisoma. Ulizeni mapema kwa simu kama vyote viwili vipo.

Wengine watasema kumwambia mwanamke habari za msongamano ni kumtia hofu bure. Hoja hii ina uzito, hata huku haijaisha. Jopo la Marekani linaloshauri kuhusu vipimo vya kinga lilitamka mwaka 2024 kwamba ushahidi bado hautoshi kupendekeza altrasaundi au MRI ya ziada kwa kila mwenye tishu zilizosongamana ambaye mamografia yake ni safi. Nakubaliana nalo, na simwambii mwenye d asiye na dalili yoyote auze shamba atafute MRI. Lakini jopo lilikuwa likizungumzia wanawake wasio na dalili. Kwetu mwanamke huenda kupigwa picha baada ya kuhisi kitu, na kwa huyo hakuna ubishi: picha safi haifuti kivimbe kinachoshikika.

Na wale wanaosema uvimbe ukiguswa na chuma unasambaa, nawaomba wafikirie upya. Kila mgonjwa anayetibiwa vizuri, kwetu Ocean Road na kwingineko duniani, huanza kwa kinyama kupimwa, kwa kuwa dawa huchaguliwa kulingana na aina ya saratani iliyokutwa. Imani hii imeota kwa sababu watu wetu hupelekwa kwenye sindano wakiwa wamechelewa, ugonjwa umeshatembea, halafu sindano ndiyo inayobeba lawama.

Basi mwenye safari ya kipimo afanye hivi. Aombe picha zenyewe, kwenye CD au filamu, asiridhike na karatasi pekee, maana mwakani daktari atataka kulinganisha. Aulize mambo mawili kabla hajatoka: herufi yangu ni ipi, na namba yangu inanitaka nirudi lini? Tarehe iandikwe kwenye bahasha. Akipewa 3 na akajua kabisa kwamba nauli ya baada ya miezi 6 haitapatikana, amwambie daktari ukweli huo bila aibu. Pale ambapo kurudi kuna mashaka, ni halali kuchukua kinyama sasa badala ya kusubiri. Akipewa 5 na bayopsi ikasema hakuna saratani, asishangilie upesi: picha na sindano zimepingana, huenda sindano ilikosa mahali, na daktari anatakiwa kurudia au kutoa kivimbe chote.

Nasi tulio ughaibuni tujisahihishe. Tunatuma pesa ya kipimo cha kwanza, tunapokea picha ya karatasi, tunaandika “Mungu ni mwema” na kunyamaza. Namba 0, 3 na 4 zote zinadai safari ya pili, na ya pili ndiyo haichangiwi na mtu. Kuanzia sasa tutume nauli mbili kwa mkupuo mmoja, ya pili ishikwe na mgonjwa mwenyewe.