Usionyeshe Jahazi Likielea

Filamu yetu ina dakika 41. Kionjo chake kilitakiwa kiwe na sekunde 60, na mwenzangu niliyepiga naye picha alikwishaamua zitumikeje. "Anza na jahazi likielea," aliniambia. "Ile ndiyo shoti yetu kali kuliko zote."

Ni kali kweli. Filamu inamfuata fundi mmoja mzee wa Nungwi, kaskazini mwa Unguja, akiunda jahazi ambalo yeye mwenyewe anasema ni la mwisho. Katikati ya kazi anaumia mkono. Kufikia dakika ya 33 jahazi limekamilika na bamvua imefika, basi watu wanakusanyika kulishua. Wanavuta kamba, nalo linakwama mchangani huku maji yakikaribia kuanza kupwa. Kwa dakika nne nzima mtazamaji hajui kama litatoka. Kisha linatoka, na mzee anafanya jambo ambalo hata sisi tuliokuwa nyuma ya kamera hatukulitarajia.

Sasa mfikirie mtu aliyekwisha kuliona jahazi hilo likielea kwenye simu yake. Anaingia ukumbini, analiona limekwama, na hapati wasiwasi wowote. Ile picha aliyoionja haijafika bado, kwa hiyo anajua lazima ifike. Shoti moja ya sekunde mbili imeziua dakika nne.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kukata chochote, niliandika orodha ya shoti zilizokatazwa. Shoti kali zilikuwa rahisi kuzitambua. Ngumu zilikuwa zile zinazotoa ushahidi kimyakimya. Kulikuwa na moja nzuri sana, mzee akicheka huku akikalafati, pamba na nyundo mkononi. Haina siri yoyote, mpaka uone kitambaa kilichofungwa kwenye kiganja chake. Kitambaa kile kinasema kwamba aliumia na kwamba alirudi kazini, ilhali filamu inatumia dakika sita kuuliza kama atarudi. Niliiacha. Mwishowe nilijiwekea mpaka: picha zote zitoke katika dakika 15 za mwanzo, kabla hajaumia, jahazi likiwa bado mkuku na mataruma matupu.

Sauti niliipa uhuru zaidi, kwa kuwa sauti haionyeshi imetoka wapi. Usiku wa kuamkia siku ya kushua, mzee alituuliza, "Likikataa kutoka, nitamwambia nini mwenye nalo?" Nililiweka swali hilo juu ya picha ya mataruma, uso wake ukifuata. Baada ya hapo skrini inakuwa nyeusi, na tunawasikia wavutaji wakihesabu: moja, mbili. Nilikata kabla ya tatu. Kinachobaki ni jina la filamu.

Alfred Hitchcock alikwenda mbali zaidi mwaka 1960. Katika trela ndefu ya Psycho anawatembeza watazamaji kwenye moteli na nyumba, akianza kueleza yaliyotokea kisha akiacha sentensi njiani. Mwishoni anavuta pazia la bafuni na mwanamke anapiga kelele. Mwanamke huyo ni Vera Miles, wala si Janet Leigh anayeoga katika filamu yenyewe. Hofu imeonjwa, na tukio limebaki salama.

Rasimu yangu ya kwanza niliwaonyesha wanafunzi watatu ambao hawakuwa wameiona filamu. Sikuwauliza kama wameipenda, maana rafiki hujibu ndiyo. Niliwauliza, "Unadhani itaishaje?" Wote walisema jahazi litaelea na mzee atafurahi. Hapakuwa na shoti hata moja iliyokatazwa, lakini muziki ulikuwa ukipanda kwa shangwe sekunde kumi za mwisho, nao ndio uliowaambia. Niliuondoa wote, nikaacha mlio wa nyundo ya kalafati tu. Nikatafuta wengine watatu. Mmoja alisema jahazi litavunjika, wa pili alisema mzee atakufa kabla hajalimaliza. Wa tatu aliuliza itaonyeshwa lini.

Mwenzangu bado hajaridhika. Anasema mtu anayepitisha kidole kwenye simu angesimama kwa ajili ya jahazi linaloelea, na huenda asisimame kwa ajili ya mbao na mzee anayeuliza swali. Sina cha kumpinga: kionjo hiki kitatupunguzia watu njiani. Ila kile anachokifanya mzee baada ya jahazi kutoka ni kitu kidogo, cha kimya, na kinamgusa tu mtu ambaye dakika moja kabla alikuwa na hofu. Nikimwondolea hofu hiyo, atakuja, ataketi, na ataona mzee mmoja akisimama majini.