Nirvana si Mbingu

Sisi vijana wa Ruashi twaijua mbabula: makala yakiisha, moto huzimika, wala hakuna aulizaye umekwenda wapi. Kwa mfano kama huo Budha alieleza nirvana, neno lenye maana ya kuzimika. Kinachozimika ni moto wa tamaa, chuki na ujinga, unaomfanya mtu azaliwe na kufa tena na tena. Wabudha husimulia kwamba aliifikia akiwa na miaka 35, akaishi hadi 80. Basi si mahali pa kwenda baada ya kufa. Mbingu pia wanazo, ila wakaao humo hufa na kuzaliwa upya. Mbingu tunayoitumaini sisi ni kuishi milele na Mungu atupendaye; katika nirvana hakuna anayemngoja mtu.