Jina Geni katika Taarifa ya Benki

Wahenga walinena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Hawakunena, ingawa ni kweli vilevile, kwamba haba na haba hukimaliza. Ndiyo sababu mtu anayeona katika taarifa ya akaunti yake makato madogo asiyoyatambua, yanayorudi kila mwezi, hupata wasiwasi mkubwa kuliko thamani ya fedha zenyewe. Aghalabu hukimbilia neno moja: wizi. Katika insha hii ninakusudia kuonyesha kwamba makato ya aina hii ni matini, na kwamba matini husomwa kabla ya kuhukumiwa.

Mnamo Aprili 2024 shangazi yangu, mwalimu wa shule ya msingi, alinikabidhi taarifa ya miezi minne ya akaunti inayopokea mshahara wake. "Mwanangu," aliniambia, "hawa wananidokoa, tena kwa ujanja. Kila mwezi wanabadilisha kiasi ili nisigundue." Alikuwa ameazimia kuifunga akaunti hiyo, ilhali mkopo wake wa ujenzi ulikuwa ukilipwa kupitia humo humo. Nikamjibu, "Shangazi, tuisome kwanza, kisha uifunge ukitaka."

Mistari iliyomkera ilikuwa minne: shilingi 485 mwezi Januari, 494 mwezi Februari, 442 mwezi Machi na 403 mwezi Aprili. Yote iliangukia tarehe 4, au siku moja mbili baadaye. Jina la muuzaji lilianza na kampuni ya ng'ambo ambayo shangazi hajawahi kuisikia, likafuatwa na alama ya nyota, kisha herufi `DICT MTHLY`.

Tuanze na jina. Muamala wa kadi unaposafiri kutoka kwa muuzaji hadi benki ya mwenye kadi, jina la muuzaji, mji na nchi hubanwa katika nafasi ya herufi 40 tu, na jina lenyewe kwa kawaida hupata 25 au pungufu. Jina refu hukatwa. Aidha, jina linaloandikwa huenda likawa lile lililosajiliwa kisheria, wala si lile lililo kwenye kibao cha duka au kwenye tovuti. Alama ya nyota nayo ina maana yake. Mara nyingi kilicho kabla ya nyota ni mkusanyaji wa malipo, na kilicho baada yake ni muuzaji au bidhaa yenyewe. Mifano inayofahamika ni `PAYPAL *` na `GOOGLE *`. Kwa hivyo anayesoma sehemu ya kwanza peke yake humlaumu tarishi kwa barua asiyoiandika. Katika mfano wetu, jina geni lilikuwa la mkusanyaji. Fununu ya bidhaa ilikuwa katika herufi zilizofuata: kitu cha kila mwezi, yamkini kamusi.

Pili ni kiasi. Kubadilika kwake ndiko kulikomtia shangazi hofu, lakini kwangu kulikuwa ushahidi wa kinyume. Katika miezi ile thamani ya shilingi iliyumba sana: dola moja ya Marekani ilikuwa takribani shilingi 157 mwanzoni mwa Januari 2024, 160 mwanzoni mwa Februari, 143 mwanzoni mwa Machi na 131 mwanzoni mwa Aprili. Tulipogawanya kila makato kwa kiwango cha mwezi wake, tulipata kila mara dola 3 na senti 8 au 9. Benki nyingi huongeza asilimia chache juu ya kiwango cha ubadilishaji, na ukiondoa nyongeza ya asilimia 3 hivi, unabaki na dola 2.99. Hiyo ni bei ya dukani, isiyobadilika. Kilichobadilika ni shilingi yetu, si mkono wa mtu.

Tatu ni tarehe. Makato yanayorudi siku ile ile ya mwezi huashiria usajili, na usajili mwingi mtandaoni hutanguliwa na muda wa majaribio usiolipiwa, mathalani siku 7, 14 au 30. Basi mtafiti hurudi nyuma kutoka makato ya kwanza. Siku 7 kabla ya Januari 4 ni Desemba 28, 2023, katikati ya likizo. Tulipekua barua pepe za shangazi za tarehe hizo kwa maneno ambayo stakabadhi hizi hutumia, yaani `receipt`, `trial` na `subscription`. Hatukupata kitu.

Hapo ndipo wengi hukata shauri kwamba wameibiwa. Lakini stakabadhi haimfuati mwenye kadi, humfuata mwenye akaunti iliyotumiwa kununua. Tulipiga simu kwa nambari iliyo nyuma ya kadi, na badala ya kulalamika tukauliza maswali mawili: je, muamala huu umeandikwa kuwa wa kujirudia, na msimbo wake wa aina ya biashara, yaani MCC, ni upi? Msimbo huo una tarakimu nne, na muuzaji hupewa kulingana na biashara yake. Jibu lilikuwa kwamba ulikuwa wa kujirudia, na msimbo ni 5817, ambao ni wa programu za kidijitali zisizo michezo. Shangazi alinyamaza kidogo, kisha akamwita bintiye aliye kidato cha pili. Rununu ya mama ilikuwa na kadi iliyohifadhiwa, na duka la programu lilikuwa limefunguliwa kwa barua pepe ya binti. Stakabadhi zote nne zilikuwa huko, pamoja na ile ya majaribio ya Desemba 28. "Lakini mama, niliifuta ile kamusi Januari," alisema. Alikuwa ameifuta kweli, ila kufuta programu kwenye simu hakusitishi usajili. Husitishwa katika ukurasa wa usajili wa akaunti yenyewe, na ndivyo tulivyofanya jioni hiyo.

Msomaji huenda akauliza: kwa nini kujisumbua hivyo, ilhali benki hubatilisha kadi kwa simu moja? Kwa sababu kudai wizi mahali pasipo na wizi hakutibu maradhi. Mitandao ya kadi ina huduma zinazoweza kumpelekea muuzaji wa usajili nambari mpya ya kadi, hivyo makato yakaendelea kwenye kadi mpya. Hali kadhalika, muuzaji aliyekanushwa anaweza kuifunga akaunti ya mteja pamoja na vyote alivyovinunua.

Hata hivyo, subira hii ina mipaka yake. Ikiwa makato ni ya wauzaji tofauti tofauti katika siku chache, ikiwa kiasi kikigawanywa hakitoi bei yoyote thabiti, au ikiwa baada ya kiasi kidogo linafuata jaribio la kiasi kikubwa, basi hiyo ni dalili ya mwizi anayepima kama kadi ingali hai. Hapo kadi ifungwe saa ile ile, na uchunguzi ufuate baadaye. Fauka ya hayo, muda wa kupinga muamala una ukomo. Kwa kawaida ni siku 120, na benki inaweza kumtaka mteja aripoti mapema zaidi. Kama jina, kiasi, tarehe na msimbo vyote havijamfichua muuzaji, mwombe mhudumu nambari ya rejea ya muamala, iitwayo ARN, yenye tarakimu 23. Sehemu ya nambari hiyo huitambulisha benki ya muuzaji, na benki hiyo inamjua mteja wake kwa jina kamili.