Laki Sita za Kahawa

Ndugu msomaji, kama una fedha mkononi na hujawahi kumiliki mashine ya gemu, nisikilize kwanza. Mimi nililipia somo hili kwa fedha ambayo nusu yake haikuwa yangu.

Baada ya kuuza kahawa, mimi na mdogo wangu tulikuwa na laki tatu kila mmoja. Yeye alitaka Pleisteshen 4 iliyotumika. Tuliiona Bukoba, karibu na stendi, pamoja na pedi mbili, kwa laki sita kasoro kidogo. Mimi nilitaka kompyuta ya mezani.

"Kaka, sisi tunataka kucheza," alisema.

"Kompyuta inacheza na inafanya kazi," nikamjibu. Mkubwa ni mimi, basi nikashinda. Televisheni ilikuwapo nyumbani, hivyo kioo hakikutusumbua.

Nikanunua kompyuta iliyotoka maofisini, ya kasha jembamba, kwa 340,000. Kompyuta ya namna hiyo peke yake haiwezi gemu kubwa. Inahitaji kadi ya picha. Nikaongeza kadi ya 190,000, nikapanda hiasi hadi Muleba. Usiku nikafungua kasha. Salaala! Kadi ilikuwa ndefu kwenda juu, mfuniko haufungi. Tena ilikuwa na tundu la waya wa ziada wa umeme, na pawa saplai ya kasha lile haina waya huo. Kumbe makasha membamba yanataka kadi fupi, inayopata umeme wake wote kwenye nafasi ilipochomekwa. Zipo GTX 1050 Ti za aina hiyo. Ukienda kununua, beba kasha lako dukani, kadi ichomekwe na mfuniko ufungwe ukiwa unaona. Mimi nilirudi Bukoba, nikabadilishiwa kwa kuongeza 40,000. Zikabaki 30,000. Tukanunua pedi moja.

Pedi moja, bwana, kwa vijana wanne wa jirani waliokuja kutazama!

Lakini hilo halikuwa kubwa. Kubwa ni swali ambalo sikujiuliza: gemu lenyewe litafikaje nyumbani? Gemu la PS4 linaweza kuja kwenye sidii. Unaitia mfukoni Bukoba, unapita nayo Kemondo, unafika nayo Muleba. Mashine inanakili sehemu kubwa kutoka kwenye sidii, na bando linabaki kwa marekebisho tu. Ukiichoka, unaiuza au unabadilishana na mwenzio. Gemu mpya za kompyuta karibu zote hushushwa kwa mtandao, na hufungwa kwenye akaunti yako. Huwezi kumuuzia mtu. La kwanza nililonunua kwenye Steam lilikuwa na punguzo, nikalilipia 15,000 tu, nikajisifu. Kumbe lilikuwa na GB 45. Kwa bando langu la simu, GB moja kwa 2,000, kulishusha kungekula 90,000. Mdogo wangu alipiga hesabu hiyo kwenye karatasi, akaiacha mezani, akaenda zake kwenye banda la gemu kulipia kwa dakika kama zamani. Hakusema neno. Afadhali angesema.

Siidharau kompyuta. Ndiyo niliyoandikia maneno haya. Gemu nyingi za punguzo zimo humo. Kucheza na watu wa mbali, PS4 hudai ada ya uanachama kwa gemu nyingi za kununua. Kompyuta kwa kawaida haidai. Na niligundua njia: nabeba kasha hadi kwa rafiki wa Bukoba mwenye intaneti isiyopimwa, nashusha usiku kucha, narudi nalo. Kwa hiyo mwenye intaneti ya namna hiyo, mwenye kazi za kuandika na anayecheza peke yake, achukue kompyuta. Anayeishi kwa bando na kucheza na wenzake sebuleni, achukue PS4.

Sisi tulikuwa hao wa pili.

Msimu uliofuata nilimrudishia laki tatu zake. Akaongeza za kwake, tukaenda Bukoba pamoja. Safari hii nilijua kukagua. Tuliicheza palepale nusu saa, tukisikiliza kama feni inavuma kupita kiasi. Tuliingiza sidii na kuitoa mara tatu. Tuliziacha pedi bila kuzigusa, kuona kama mchezaji atatembea mwenyewe. Akitembea, kijiti kimechoka. Tuliingia kwenye akaunti ya mtandao, maana mashine iliyofungiwa huko inaweza kuuzwa kwa bei nzuri na usijue.

Jioni sebule ilijaa. Mdogo wangu alishika pedi ya kwanza. Ya pili wenzake waliigombea, akawanyang'anya.

"Mpisheni kaka," akasema, akanirushia.

Alinifunga sita.