Usaili Alhamisi, degedege Jumanne usiku

Wiki iliyopita niliwaahidi nitaandika kuhusu ile meseji niliyotuma kwa watu wa usaili nikiwa nimekaa kando ya kitanda cha mwanangu. Wengi mmenifuata inbox mkiuliza niliandika nini hasa. Haya, leo naandika yote, mtanisamehe ni ndefu.

Wakati huo nilikuwa na diploma yangu ya uuguzi na leseni ya Baraza, lakini ajira hakuna. Nilikuwa nyumbani Kabwe, nauza dagaa na mama mkwe huku naomba kazi kila mahali. Shirika moja likaniita usaili Sumbawanga, Alhamisi saa 3 asubuhi. Mpango ulikuwa nipande gari Jumatano alfajiri, nipite Namanyere, nilale mjini kwa mdogo wangu, Alhamisi niamkie kwenye usaili. Nguo zilishapigwa pasi na vyeti viko kwenye bahasha.

Jumanne jioni mtoto, miaka miwili, akaanza kuchemka. Kwenye saa 3 usiku akakakamaa, macho juu. Degedege. Mama mkwe akataka tumfukize, akisema hii si ya sindano. Nilimwambia, "Mama, naomba tumlaze ubavu kwanza, tusimtie kitu mdomoni, halafu twende." Akakubali, akachukua kanga, tukaenda.

Kipimo cha haraka kikasoma malaria. Mtoto mwenye malaria aliyepata degedege anatibiwa kama malaria kali. Akaanza sindano ya artesuneti saa 4 usiku. Alikuwa na kilo 11, na kwa mtoto chini ya kilo 20 ni miligramu 3 kwa kila kilo, kwa hiyo 33. Sindano zinakuwa angalau tatu: ya kwanza ukifika, ya pili baada ya saa 12, ya tatu baada ya saa 24. Akiweza kumeza ndipo anahamia vidonge vya mseto, dozi kamili.

Naeleza hivi kwa sababu hizo saa ndizo zilizoniandikia meseji. Ya pili ilikuwa Jumatano saa 4 asubuhi, ya tatu Jumatano saa 4 usiku. Maana yake mapema kabisa ambayo ningeweza kuondoka Kabwe ni Alhamisi mchana, na hapo ni kama mtoto ameamka, ananyonya na anameza. Kwa hiyo Ijumaa naweza kuwa Sumbawanga, Alhamisi siwezi.

Kwanza niliandika hivi, na nusura niitume: "Samahani sana nimepata dharura ya kifamilia kesho kutwa sitaweza kufika, naomba mnifikirie." Ukiisoma kama mtu aliyekaa ofisini na orodha ya watu ishirini, haina kitu. Nani huyu? Kazi ipi? Dharura gani? Anataka aje lini, au ndiyo amejitoa? Huyo afisa ili akusaidie inabidi akupigie akuulize maswali manne, na asubuhi ya kuandaa usaili hana muda huo. Anaandika "hajafika", anaendelea na mwingine.

Kosa langu la pili lilikuwa kinyume chake. Nikaandika ndefu, degedege lilivyoanza, mama mkwe alivyosema, nilivyolia. Hata picha ya mtoto mwenye kanula nilikuwa nimeshaiweka. Nikaifuta. Ugonjwa wa mtoto ni siri yake, na mtu wa ofisi hahitaji kuona mkono wake ili aamini. Mimi kama nesi ningemsema mama mwingine kwa hilo.

Niliyotuma ni hii:

"Ndugu Afisa Utumishi, habari za asubuhi. Naitwa (majina yangu matatu kama yalivyo kwenye vyeti), mwombaji wa nafasi ya Muuguzi, niliyepangiwa usaili Alhamisi saa 3 asubuhi. Mwanangu wa miaka miwili amelazwa tangu jana usiku hapa Kabwe, na matibabu yake yanaendelea hadi leo usiku. Sitaweza kufika Alhamisi asubuhi. Naomba, kama kamati bado itakuwa inakaa, nipangiwe Ijumaa saa yoyote. Nitakuja na karatasi ya kituo inayoonyesha alilazwa. Nafasi hii bado naihitaji. Simu yangu ni hii, na ya mdogo wangu aliyeko Sumbawanga ni (namba)."

Kuna neno moja humo ambalo wengi hawaliweki: "kama kamati bado itakuwa inakaa". Usaili wa ana kwa ana mara nyingi unachukua zaidi ya siku moja, na wale wanaouliza maswali wametoka sehemu mbalimbali. Kuwarudisha wiki ijayo kwa ajili yako peke yako ni gharama na karibu haiwezekani. Lakini kukutoa Alhamisi asubuhi kukuweka Ijumaa ni kusogeza jina kwenye karatasi. Omba kile ambacho yule mtu ana uwezo wa kukupa.

Niliituma Jumatano saa 1:30 asubuhi, kwa barua pepe na kwa meseji ya kawaida. WhatsApp ya kwetu ziwani mnaijua, tiki moja mpaka jioni. Saa 2 na nusu nikapiga. Hakupokea. Saa 3 nikapiga tena, akapokea, nikasema jina na nafasi, nikauliza tu kama meseji imefika. Akasema ngoja niulize kamati. Saa 6 mchana akanijibu: Ijumaa saa 8, uje na vyeti halisi. Nikajibu "Nimepokea, nitafika Ijumaa saa 8 mchana", siku na saa nikazirudia, maana nimeona mtu aliyesikia saa 8 akaenda saa 2.

Karatasi ya kulazwa niliiomba kabla mtoto hajaruhusiwa. Haihitaji kuandika ugonjwa. Jina la mtoto, tarehe aliyolazwa, mhuri, inatosha. Sisi manesi tunaombwa karatasi hizi wiki mbili baadaye, mtu ameshakataliwa kazi, na faili kulitafuta ni shughuli.

Sasa, msije mkanilaumu. Kuna usaili ambao meseji hii haifui dafu. Ule wa mchujo wa kuandika wa Sekretarieti ya Ajira, mnaitwa watu wengi mno, mtihani mmoja, saa moja. Tangazo lenyewe linasema kila msailiwa azingatie tarehe, muda na mahali. Hapo nguvu usipeleke kwenye kuandika, ipeleke kwenye kutafuta nani atakaa na mgonjwa, shangazi, jirani, baba yake. Na ile sheria ya ajira ya 2004, inayompa mfanyakazi angalau siku 4 za likizo yenye malipo mtoto akiugua, inamlinda aliyeajiriwa tayari. Wewe unayeomba kazi haikugusi, unategemea huruma na mpangilio wa mtu mwingine.

Alhamisi asubuhi mtoto aliamka anataka uji. Akatapika wa kwanza, wa pili ukabaki, kidonge nacho kikabaki. Mama mkwe nikamwandikia saa za vidonge kwenye karatasi, nikamchorea jua na mwezi kwa sababu hasomi, nikamwambia akikataa kumeza au akilegea arudishwe kituoni usiku huohuo bila kunisubiri. Nikapanda gari saa 6.

Ijumaa nilikuwa wa mwisho. Waliniuliza maswali kama wengine, habari ya mtoto hakuna aliyeigusa mpaka nainuka, ndipo mama mmoja wa kamati akauliza, "Kijana anaendeleaje?" Nikasema anakula. Karatasi ya kituo ilibaki kwenye bahasha, hawakuiomba.

Kazi ile sikuipata. Walichukua wawili na mimi nilikuwa wa tatu. Miezi mitano baadaye mmoja aliacha, nikapigiwa simu kutoka namba ileile.